Maziwa si Maji: Hesabu ya Kumlisha Mgonjwa Mahututi kwa Mpira

"Dada, samahani. Mama anapewa maziwa tu, usiku na mchana. Maji anakunywa saa ngapi?"

Aliyeniuliza alikuwa mwanawe wa kwanza, amesimama miguuni mwa kitanda ndani ya gauni la wageni lililompwaya. Mama yake alikuwa na siku ya tisa katika wodi ya wagonjwa mahututi. Nimonia kali ilimfikisha kwenye mashine ya kupumulia. Mpira mwembamba ulipita puani hadi tumboni, na juu ya nguzo ya dripu ulining'inia mfuko wa maziwa maalumu yanayoshuka taratibu. Mimi ni afisa lishe. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: maji yamo humo humo kwenye maziwa. Kabla sijalitoa nikafungua majibu ya maabara ya asubuhi ile. Sodiamu katika damu ya mama ilisoma 154, na ya kawaida huwa kati ya 135 na 145.

Sodiamu inapopanda hivyo kwa mgonjwa wa namna hii, mara nyingi si kwamba chumvi imezidi. Maji ndiyo yamepungua. Mama alikuwa na kiu ya siku tano na hakuwa na namna ya kuisema.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza ndugu wa wagonjwa hesabu nzima ya mpira, kwa sababu si ngumu na kwa sababu wao wanashika baadhi ya namba zake. Nitaipitia hapa kwa kumtumia mama huyu huyu, ingawa nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha.

Kwanza, kilo

Kila kitu kinaanza na uzito, na uzito wa mtu aliyelala hoi ni shida kuupata. Hawezi kusimama kwenye mizani, na vitanda vyenye mizani yake ni vichache. Hata ukimpima, unaweza kudanganyika. Mgonjwa aliyeingia na maambukizi makali hupewa lita kadhaa za dripu katika saa za mwanzo, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukimpima siku ya tatu akiwa amevimba miguu na mikono, utampigia hesabu ya chakula pamoja na dripu aliyobeba.

Ndiyo maana siku ya kwanza nilimuuliza mwanawe, "Kaka, mama alikuwa na kilo ngapi kabla hajaugua?" Alitoa kwenye mfuko wa plastiki daftari la kliniki ya presha. Miezi miwili nyuma mama alikuwa na kilo 60, urefu sentimita 160. Daftari lile lilikuwa la kuaminika kuliko mizani yoyote ya wodini.

Kanuni ya kawaida kwa mtu mzima ni kilokalori 25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa hiyo:

60 × 25 = 1,500

Hizo ni kilokalori 1,500 kwa siku. Protini huhesabiwa peke yake, kwa sababu mgonjwa mahututi huyeyusha misuli yake haraka. Mwongozo wa 2019 wa ESPEN, chama cha lishe ya tiba cha Ulaya, unataja gramu 1.3 kwa kila kilo, na kwa mama hiyo ni gramu 78 kwa siku. Mgonjwa mnene kupita kiasi ana kanuni yake, maana ukizidisha kilo zake zote kwa 25 utamlisha kupita mahitaji. Hata kwa mgonjwa wa kawaida, ile 25 ni mahali pa kuanzia tu, na hurekebishwa jinsi siku zinavyokwenda.

Kutoka kilokalori hadi matone

Maziwa haya si ya ng'ombe. Ni chakula kamili cha kimiminika kilichotengenezwa kwa ajili ya mpira, chenye protini, mafuta, sukari, vitamini na madini. Kwenye lebo ya kila chupa kuna namba moja ya kuitafuta kabla ya nyingine zote, nayo ni kilokalori zilizomo katika kila mililita. Yako ya kilokalori 1, ya 1.5 na ya 2. Mama alikuwa akipewa ya 1.5, kwa hiyo:

1,500 ÷ 1.5 = 1,000

Alihitaji mililita 1,000 kwa siku, yaani lita moja. Ukiigawa kwa saa 24 unapata karibu mililita 42 kwa saa. Hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye pampu.

Pampu zenyewe hazitoshi kila mahali. Pasipokuwa nayo, muuguzi hutumia mfuko wenye mrija na kuhesabu matone kwa saa ya mkononi. Mirija mingi hutoa matone 20 kwa mililita moja, na idadi hiyo huandikwa kwenye pakiti yake. Mililita 42 kwa saa ni matone 840, na ukigawa kwa dakika 60 unapata matone 14 kwa dakika. Muuguzi anapokodolea macho kile kichupa cha matone huku midomo ikichezacheza, usimsemeshe mpaka amalize.

Baada ya kupata mwendo, nilirudi kwenye protini. Lita moja ya maziwa yale ilikuwa na gramu 64, na mama alihitaji 78. Upungufu wa gramu 14 ulijazwa kwa unga wa protini uliokorogwa na maji na kusukumwa kwa bomba la sindano, si kwa kuongeza maziwa. Ukikimbiza protini kwa maziwa peke yake utamzidishia nishati asiyoihitaji.

Ile 42 haiwashwi siku ya kwanza. Chakula cha mpira huanza ndani ya saa 24 hadi 48 tangu mgonjwa afike, mradi presha yake imetulia, kwa sababu utumbo usiopata damu ya kutosha unaweza kuumia ukilazimishwa kusaga chakula. Mama alianzishwa mililita 20 kwa saa. Hakutapika na tumbo halikujaa, basi akapandishwa hadi 30. Hapo alikaa mpaka siku ya tatu ilipopita, kwa sababu siku za mwanzo za ugonjwa mkali mwili huvunja akiba zake wenyewe, na ESPEN inashauri tusivuke asilimia 70 ya mahitaji katika kipindi hicho. Mililita 30 kwa saa ni karibu kabisa na kiwango hicho. Siku ya nne akafika 42.

Hapa pia ndugu hushika namba muhimu. Huwa nauliza, "Kabla ya kuletwa, siku ngapi hakula vizuri?" Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa ghafla, sukari inayoingia huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Damu ikiishiwa madini hayo, moyo hupoteza mapigo yake na misuli ya kupumua hulegea. Madaktari waliliona jambo hili kwa uchungu baada ya Vita Kuu ya Pili, wafungwa waliokuwa wamekondeana walipopewa chakula kingi na baadhi wakafa wakiwa wameshaokolewa. Mgonjwa wa namna hiyo tunampa vitamini B1 kwanza, tunaanza na nusu ya kiwango au chini ya hapo, na tunapima madini hayo kila siku. Mama, kwa bahati, alikuwa amekula mpaka juzi yake.

Maji yaliko na yasikokuwepo

Sasa turudi kwenye swali la mwanawe. Ni kweli kwamba maziwa yana maji, lakini si yote ni maji. Ya kilokalori 1 huwa na maji asilimia 84 hivi. Ya 1.5 yana asilimia 76 hivi, na ya 2 hushuka hadi karibu 70. Kadiri chakula kinavyobanwa ndivyo nafasi ya maji inavyopungua. Lita moja ya mama ilikuwa na mililita 760 za maji. Zile 240 zilizobaki ni protini, mafuta na sukari.

Mtu mzima huhitaji maji mililita 30 hivi kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 60 ni mililita 1,800. Toa 760 zilizomo kwenye maziwa, zinabaki 1,040. Hayo ndiyo maji ambayo lazima yaingie kwa njia nyingine, na njia hiyo ni kusuuza mpira.

Kusuuza ni kuvuta maji safi kwa bomba la sindano la mililita 50 na kuyasukuma kwenye mpira. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia mpira usizibe. Maziwa yakigandia ndani, au vidonge vilivyosagwa vibaya vikikwama, mpira inabidi utolewe na kuwekwa mwingine, na mgonjwa hukaa bila chakula mpaka hapo. Kwa kazi hiyo mililita 30 kila saa 4 zinatosha, pamoja na 30 kabla na 30 baada ya dawa. Kazi ya pili ni kumnywesha mgonjwa. Kazi hizi mbili hufanywa kwa sindano moja, na hapo ndipo tulipojikwaa.

Siku tatu za mwanzo mama alikuwa na dripu inayotembea saa zote. Maji yalikuwa ya kutosha, pengine hata ya ziada, na agizo la kusuuza likaandikwa mililita 30 kila saa 4. Kwa wakati ule lilikuwa agizo sahihi. Siku ya nne dripu ikasimamishwa, kwa sababu mama alikuwa amevimba na mapafu yake hayakuhitaji maji zaidi kutoka kwenye mshipa. Nayo ilikuwa hatua sahihi. Ila hakuna aliyerudi kwenye mstari wa kusuuza. Ile 30 iliendelea kunakiliwa kutoka chati ya jana kwenda ya leo, zamu kwa zamu, na mimi nilipita kitandani kila asubuhi nikaangalia maziwa tu.

Tuijumlishe siku moja kati ya hizo. Kwenye maziwa aliingiza maji mililita 760. Kusuuza mara 6 kwa 30 ni 180. Dawa alipewa mara 4 kwa siku, na 60 za kila mara ni 240. Jumla ni 1,180. Alihitaji 1,800, kwa hiyo kila siku alikopwa mililita 620. Kwa siku tano ni lita 3.1.

Kuna aliyesema kwamba bado alikuwa akipata maji kidogo kwenye antibaiotiki ya mshipani. Hata hayo hayakumsaidia. Dawa ile ilichanganywa kwenye dripu ya chumvi, ambayo kila lita yake ina gramu 9 za chumvi. Huingia kwenye hesabu ya ujazo uliomo mwilini, lakini haizimui sodiamu. Ni kama kumpa mwenye kiu maji ya chumvi na kuandika kwamba amekunywa.

Wewe na mimi hatukauki namna hii. Maji yakipungua kidogo tu, ubongo unatupa kiu na tunafuata kata mtungini. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa, mwenye mpira kooni, ulinzi huo kanyang'anywa. Kiu yake iko kwenye chati. Isipoandikwa pale, haipo.

Kulipa deni bila pupa

Sodiamu inatuwezesha kukisia deni la maji. Kwa mwanamke ambaye si mzee sana, nusu ya uzito wa mwili ni maji, kwa mwanaume ni kama asilimia 60. Hesabu ni hii:

0.5 × 60 × (154 ÷ 140 − 1) = 3

Lita 3, karibu sawasawa na zile tulizozipata kwa kujumlisha chati. Namba mbili zilizotoka njia mbili tofauti zikikutana hivyo, hubaki na shaka ndogo sana juu ya chanzo.

Mtu akiambiwa mama yake ana deni la lita 3 za maji, moyo wake unataka yaingizwe zote mchana huo huo. Hilo ni hatari. Sodiamu ilipopanda taratibu kwa siku kadhaa, seli za ubongo zilijizoesha kuishi ndani ya damu yenye chumvi nyingi, kwa kukusanya chembechembe za kuyashika maji zisinyauke. Ukiimwaga damu maji ghafla, seli hizo zitayafyonza na kuvimba ndani ya fuvu lisilopanuka, na mgonjwa anaweza kupata degedege. Kwa hiyo hatushushi sodiamu zaidi ya 10 kwa saa 24, na tunapenda iwe chini ya hapo.

Daktari akaamua deni lilipwe kwa siku tatu, lita moja kila siku, juu ya mahitaji ya kawaida. Nikakaa na muuguzi wa zamu, dada mkubwa aliyefanya kazi ile miaka mingi kunishinda.

"Sista, kwanza tuyaweke mahitaji ya kila siku," nilimwambia. "1,040 tunazohitaji, toa 240 za dawa. Zinabaki 800."

"Mara sita kwa siku," akasema. "Ni 130 na kitu kila saa nne."

"130 inatosha. Mara sita ni 780. Sasa ongeza ile lita ya deni. Ni 1,780. Ukiigawa kwa sita inakuja karibu mililita 300 kwa mpigo mmoja."

Akatikisa kichwa. "Nyingi hizo. Maziwa yanaingia muda wote, halafu nimshindilie 300 kwa mara moja? Atacheua. Tuweke kila saa mbili."

Kila saa mbili ni mara 12, na kila mara mililita 150. Jumla 1,800. Tukaandika hivyo, na maabara ikaombwa sodiamu kila baada ya saa 6. Asubuhi iliyofuata ilisoma 149. Iliyofuata 145, kisha 142. Ingeshuka mbio kuliko hapo, tungepunguza maji. Ingekataa kushuka, tungetafuta mahali yanakovujia: kuharisha, homa, au mkojo mwingi kupita kawaida, maana kanuni ya mililita 30 kwa kilo haivijui vitu hivyo.

Upande wa pili nao usisahauliwe. Mgonjwa mwenye moyo uliochoka au figo zilizofeli anaweza kuzama kwa maji haya haya. Kwake daktari hupanga kwanza ujazo wa juu kabisa wa siku, na sisi tunachagua maziwa yaliyobanwa zaidi ili chakula kiingie ndani ya nafasi hiyo ndogo. Na sodiamu ikiwa chini ya kawaida, sindano ya maji safi huzidi kuizimua. Kwa hiyo usimkute mgonjwa wa kitanda cha pili anapewa 30 ukadhani ameonewa.

Saa zinazopotea

Siku ya kumi na nne mama alipelekwa kutobolewa njia ya hewa shingoni, ili mpira wa mashine utoke mdomoni. Maziwa yalisimamishwa saa 3 asubuhi, yakafunguliwa saa 9 alasiri. Saa 6 za kufunga.

Ukirudisha pampu kwenye 42 na kuendelea, hizo saa 6 zimekwenda. Ni mililita 252, robo ya chakula cha siku. Siku moja si kitu, lakini katika wodi hii kila siku ina jambo lake: leo kipimo, kesho mpira umechomoka, keshokutwa ametapika mara moja na mtu ameogopa kufungua tena. Mgonjwa anaweza kumaliza wiki chati yake ikisema 42 kwa saa, huku tumboni imefika kama 30. Hukonda akiwa ameandikiwa chakula cha kutosha.

Dawa yake ni kuacha kuilinda saa na kuilinda siku. Agizo liwe lita moja kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 asubuhi ya kesho. Mpaka saa 3 mama alikuwa amepata saa tatu za maziwa, yaani mililita 126. Zilibaki 874, na kutoka saa 9 alasiri hadi mwisho wa siku ya chakula kuna saa 15:

874 ÷ 15 = 58

Muuguzi akaiweka pampu 58 mpaka alfajiri, kisha akairudisha 42. Kwa maziwa ya kawaida ya tumboni, hospitali nyingi zinazofuata utaratibu huu huweka kikomo cha mililita 150 kwa saa. Ukikuta hesabu imevuka hapo, kubali kwamba siku hiyo imepotea.

Maji nayo yalikuwa na saa zake zilizopotea. Sindano ya saa 4 asubuhi na ya saa 8 mchana hazikupigwa. Moja ililipwa saa 9 mpira ulipofunguliwa, na nyingine ikagawanywa katika zile tatu zilizobaki, kila moja ikawa 175 badala ya 130. Hili husahaulika kuliko maziwa, kwa sababu pampu hulia ikisimama, lakini sindano ya maji isiyopigwa haipigi kelele.

Uji wa nyumbani

Maziwa ya chupa ni ghali, na katika hospitali zetu nyingi kinachoingia kwenye mpira ni uji na maziwa vilivyotoka nyumbani kwenye chupa ya chai. Hapo hesabu inageuka chini juu. Ili uji upite kwenye mpira lazima uwe mwepesi, tuseme gramu 100 za unga kwa lita moja. Huo una kilokalori 350 hivi. Kufikia 1,500 mama angehitaji zaidi ya lita 4 kwa siku. Maji yangemzidi huku njaa ikiwa pale pale. Hatari ya maziwa yaliyobanwa ni kiu, na hatari ya uji mwepesi ni njaa. Maziwa ya ng'ombe, mafuta ya kula na sukari huongeza nishati bila kuongeza ujazo sana, lakini kiasi chake kipangwe na afisa lishe kwa vipimo, na kila kitu kichujwe.

Chakula hiki huingizwa kwa milo, mililita 200 hadi 300 kila saa 4, kishuke polepole chenyewe bila kusukumwa kwa nguvu. Kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, maana joto letu hukigeuza shamba la bakteria. Uji wa asubuhi usiletwe tena mchana.

Iwe uji au maziwa ya kiwandani, kabla ya tone la kwanza kuna mambo mawili ya kuthibitisha. Mpira uwe tumboni kweli, kwa picha ya eksirei, au kwa majimaji yaliyovutwa yenye asidi ya pH 5.5 au chini yake. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo hakutoshi, kwa sababu sauti hiyo inaweza kusikika hata mpira ukiwa kwenye mapafu. Na kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, ili kinachorudi juu kisishukie mapafuni. Ukimkuta mgonjwa wako amelala chali na maziwa yanaingia, mwite muuguzi papo hapo.

Nina ombi moja kwa ndugu. Usimimine kitu chochote kwenye mpira kwa siri, si maji ya dua, si juisi, si chai. Najua mkono unaofanya hivyo ni wa mapenzi. Lakini maji yasiyoandikwa huvuruga hesabu kama yasiyotolewa, na mpira ukiwa umehama kidogo, kikombe kile kitaishia kwenye mapafu. Ukiona midomo imekauka, omba shashi iliyoloweshwa umpanguse. Mdomo uliokaa wazi hukauka hata mwili ukiwa na maji ya kutosha. Kama wasiwasi wako ni kiu, uliza kama alivyouliza yule kijana.

Siku ya tatu ya kulipa deni, sodiamu ikiwa 142, mama alifumbua macho alipoitwa jina. Siwezi kusema ni maji peke yake. Nimonia ilikuwa inarudi nyuma na dawa za usingizi zilikuwa zimepunguzwa. Ninachojua ni kwamba ubongo uliokaukiwa huwa mzito kuamka, na mzigo huo tulikuwa tumeutua.

Nikamwita mwanawe kwenye meza ya muuguzi, nikamfungulia chati mpya. Chini ya mstari wa maziwa palikuwa na mwingine, wenye kichwa kimoja tu: maji. Alipita na kidole chake kutoka kushoto kwenda kulia, akisoma kwa sauti ya chini.

"Saa 12, saa 4, saa 8. Saa 12 jioni, saa 4, saa 8." Akanyamaza kidogo. "Kumbe na usiku anakunywa."

"Ndiyo, kaka. Na usiku anakunywa."